Uzi: Hesabu inasema 955, mashine inatetemeka kwenye 1,350. Nimekosea wapi?

#1 MsagajiUjiji

Habari zenu wana jukwaa. Nina mashine ya kusaga hapa Ujiji, na nimefika mahali ambapo hesabu yangu na mashine yangu havisemi jambo moja.

Injini ni ya dizeli, silinda moja iliyosimama wima, ina kilo 100 hivi. Imekaa juu ya raba nne zilizokatwa kwenye tairi, na raba hizo zimekaa juu ya fremu ya chuma yenye kilo 200. Fremu nayo imekaa juu ya raba nyingine nene zaidi, zilizolala kwenye sakafu ya zege. Kinu chenyewe kiko pembeni kwenye msingi wake, kinazungushwa kwa mkanda.

Kabla ya kufunga nilipima. Fremu ikiwa peke yake ilididimiza raba zake kwa milimita 1 hivi. Injini nayo ilididimiza za kwake kwa milimita 1. Nikatumia kanuni ya mzizi wa k gawanya kwa m, k ikiwa ni ugumu wa raba na m ni kilo zilizo juu yake, nikapata radiani 100 kwa sekunde kwa vyote viwili, yaani mizunguko 955 kwa dakika. Nikajiambia kwamba hatari iko kwenye 955 tu, nikachagua puli ili injini ifanye kazi kwenye 1,350, mbali kabisa na hapo.

Sasa kwenye 1,350 nati zinalegea kila baada ya siku mbili na fremu inatambaa sakafuni. Nikizima, injini inaposhuka na kupita kwenye 700 hadi 650 hivi, inarukaruka kwa nguvu kisha inatulia. La kushangaza ni kwamba inapopita kwenye 955, pale nilipopaogopa, mtetemo ni mdogo. Kosa liko wapi?

#2 Nahodha_Kibirizi

Pole sana, ndugu. Mimi nina injini kwenye mtumbwi wa dagaa na nilipata shida kama hiyo. Ikienda polepole mbao zote zilitetemeka, ikikolea ilitulia. Niliondoa raba zote nikaifunga kwa boliti moja kwa moja kwenye mbao, na shida ikaisha. Ondoa raba.

#3 FundiSpringi_Tabora

Nahodha, mwenzetu hakuuliza namna ya kufunga, ameuliza kwa nini hesabu imekosea. Nami naona kanuni yake haina kosa. Nimefanya kazi ya springi za magari hapa Tabora kwa miaka mingi, na kila kitu kilichokaa juu ya springi kina frikwensi yake. Bodi ina ya kwake ya polepole, tairi na ekseli vina ya kwao ya haraka, na unaweza kuzikokotoa moja moja bila taabu. Nadhani ndugu amekosea kupima milimita. Kwa rula ya kawaida milimita 1 inaweza kuwa 0.75 au 1.25, na hapo ugumu wa raba unabadilika kwa kiasi kikubwa.

#4 Mwalimu_Ipuli

Fundi amegusa jambo la kweli kuhusu rula, nitalirudia baadaye. Lakini kosa kubwa liko kabla ya rula.

Msagaji, ulipopima fremu, injini haikuwa juu yake. Ulipokokotoa injini, ulichukulia kwamba fremu iliyo chini yake imesimama kama sakafu. Mashine ikiwaka, hakuna hata kimoja kati ya hayo kilicho kweli. Fremu ikipanda, inasukuma raba za injini. Injini ikipanda, inavuta fremu kwa raba zilezile. Raba za kati ni za wote wawili, na ndiyo maana huwezi kuwagawa na kumpa kila mmoja frikwensi yake. Frikwensi ni za mfumo mzima.

Tuiandike kwa matriki mbili, M ya kilo na K ya ugumu. Ugumu wa raba za sakafuni ni 2,000,000 N/m, wa raba za injini ni 1,000,000 N/m. Hivyo ndivyo vipimo vyako vinavyosema. Fremu inashikwa na raba za pande zote mbili, kwa hiyo mahali pake kwenye matriki pana jumla ya 3,000,000. Injini inashikwa na za kati tu.

```
M = | 200    0 |      K = |  3000000  -1000000 |
    |   0  100 |          | -1000000   1000000 |
```

Tunatafuta mwendo ambao fremu na injini zinapanda na kushuka kwa frikwensi moja, kila moja kwa kimo chake. Mwendo wa namna hiyo unawezekana pale tu diteminanti ya K − λM inapokuwa sifuri, λ ikiwa ni mraba wa frikwensi kwa radiani. Nikiandika λ = 10,000u ili tuondokane na sifuri nyingi, inabaki:

(3 − 2u)(1 − u) − 1 = 0, yaani 2u² − 5u + 2 = 0

Majibu ni u = 1/2 na u = 2. Frikwensi ni radiani 70.7 na 141.4 kwa sekunde. Kwa mizunguko ya dakika ni 675 na 1,350.

Umeikwepa 955, ambayo haikuwa na hatari, ukaenda kuiweka injini juu kabisa ya frikwensi ya pili. Ile ya kwanza ndiyo unayoipita wakati wa kuzima.

#5 MsagajiUjiji

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma mara tatu. Kwa hiyo frikwensi mbili zilizokuwa sawa zimesukumana, moja ikashuka na nyingine ikapanda?

#6 Mwalimu_Ipuli

Marahaba. Ndivyo ilivyo. Sasa tazama zinavyotembea, maana hapo ndipo utakapoweza kuhakiki kwa macho badala ya kuniamini mimi. Mstari wa pili wa matriki unasema kwamba mwendo wa fremu ni (1 − u) mara mwendo wa injini. Ukiweka u = 1/2, fremu inakwenda nusu ya injini, na zote zinakwenda upande mmoja: fremu ikipanda milimita 1, injini inapanda 2. Ukiweka u = 2, fremu inakwenda kimo sawa na injini lakini upande wa pili: moja ikipanda, nyingine inashuka, na raba za kati zinabanwa na kuvutwa kutoka pande zote mbili. Ndiyo maana springi ni kama zimekuwa ngumu zaidi na frikwensi imepanda.

Chora alama ya chaki kwenye injini na nyingine kwenye fremu, zikiwa karibu. Piga video ya mwendo wa taratibu kwa simu. Ikiwa hesabu ni sahihi, kwenye 1,350 alama zitakuwa zinakaribiana na kuachana, na wakati wa kuzima zitakwenda pamoja.

#7 BintiKasulu

Samahani, Mwalimu, nina pingamizi. Tulifundishwa kwamba maumbo mawili ya mtetemo lazima yawe ya mraba baina yao, yaani zao lao liwe sifuri. Nimechukua la kwanza (1, 2) na la pili (1, −1), nikazidisha: 1×1 + 2×(−1) = −1. Haikutoka sifuri. Basi moja kati ya maumbo hayo lina kosa.

#8 Chuma_Urambo

Nakubaliana na dada. Mimi nimeiweka kwenye kompyuta na jibu limekuja tofauti kabisa:

```python
import numpy as np
M = np.diag([200., 100.])
K = np.array([[3e6, -1e6], [-1e6, 1e6]])
lam, X = np.linalg.eigh(np.linalg.inv(M) @ K)
print(np.sqrt(lam) * 60 / (2*np.pi))
```

Inatoa 447 na 1,442. Na maumbo ya kompyuta ni ya mraba kabisa, nimeyahakiki. Kwa hiyo 1,350 iko chini ya 1,442 kwa mizunguko 90, na tatizo la Msagaji huenda ni msingi au boliti tu.

#9 Mwalimu_Ipuli

Ninafurahi kwamba mmehakiki, na makosa yenu wawili yanatoka mahali pamoja.

Binti, sheria uliyofundishwa ni kweli, lakini umesahau tungamo. Kila zao lazima lizidishwe kwa kilo za sehemu yake: 200×1×1 + 100×2×(−1) = 200 − 200 = 0. Maumbo ni ya mraba yakipimwa kwa M. Bila M yangekuwa hivyo tu kama fremu na injini zingekuwa na kilo sawa.

Chuma, ukizidisha kinyume cha M na K, matriki unayoipata haina ulinganifu tena; juu kuna −5,000 na chini kuna −10,000. Lakini `np.linalg.eigh` imetengenezwa kwa matriki yenye ulinganifu. Inasoma pembe ya chini peke yake, inachukulia kwamba juu pako vilevile, na haitoi onyo lolote. Imekutatulia mashine nyingine ambayo haipo Ujiji. Na maumbo yake yamekuwa ya mraba bila tungamo, jambo ambalo kwa kilo hizi haliwezekani. Hiyo ndiyo dalili. Tumia hii:

```python
from scipy.linalg import eigh
lam, X = eigh(K, M)
```

Kuna hakiki fupi isiyohitaji kompyuta. Ukizidisha λ mbili, lazima upate k1×k2 gawanya kwa m1×m2. Hapa ni 100,000,000. Za kwangu ni 5,000 na 20,000, zao lake ni hilo. Za kwako zinatoa nusu yake. Angalia pia kwamba jumla ya λ zako ni 25,000 kama zangu, kwa hiyo anayehakiki jumla peke yake hatagundua kosa.

#10 Chuma_Urambo

Nimeendesha upya, nimepata 675 na 1,350. Nafuta niliyosema kuhusu msingi. Ahsante.

#11 FundiSpringi_Tabora

Mimi bado sijaridhika. Kama kukokotoa moja moja ni kosa, mbona kwenye magari kunatoa jibu sahihi? Sisemi kwa kukisia. Gari ikibonyezwa boneti na kuachiwa, inacheza kama inavyosema hesabu ya bodi peke yake.

#12 Mwalimu_Ipuli

Ni kweli, Fundi, na sababu yake ni nzuri. Chukua pembe moja ya gari dogo: bodi kilo 300, tairi na ekseli kilo 40, springi 20,000 N/m, tairi 180,000 N/m. Ukikokotoa bodi peke yake unapata mitetemo 1.30 kwa sekunde. Ukitatua matriki nzima unapata 1.23. Upande wa tairi, ukilishika kwa springi na upepo wake kwa pamoja, peke yake ni 11.25 na kwa matriki ni 11.26. Tofauti ni ndogo kwa sababu frikwensi hizo mbili ziko mbali mno, moja karibu mara tisa ya nyingine. Bodi inapocheza taratibu, tairi karibu halisogei. Tairi linapotetemeka haraka, bodi haipati muda wa kulifuata.

Kwa Msagaji, frikwensi za moja moja zilikuwa sawasawa. Hapo ndipo kushikana kunapokuwa na nguvu kubwa kuliko mahali pengine popote. Kwa hiyo uzoefu wako ni wa kweli kwa magari, ila hauwezi kuhamishwa kwenye kinu bila kuangalia kwanza umbali huo.

#13 FundiSpringi_Tabora

Hapo nimeelewa. Ila la rula halijajibiwa.

#14 Mwalimu_Ipuli

Ni haki yako. Kosa la robo milimita kwenye milimita moja hushusha ugumu kwa asilimia 20 au huupandisha kwa 33, na kwa kuwa tunachukua mzizi, ni kama asilimia 11 hadi 15 ya frikwensi. Kwa hiyo 1,350 yangu inaweza kuwa 1,210 au 1,560. Zaidi ya hapo, raba inayotetemeka haraka huwa ngumu kuliko raba iliyobebeshwa mzigo na kuachwa, jambo linalozisogeza zote mbili juu. Kukutana kwa 1,350 na 1,350 kunapendeza machoni, lakini video ndiyo itakayoamua.

#15 MsagajiUjiji

Nimepiga video jana jioni baada ya wateja kuondoka. Wakati wa kuzima, alama zinakwenda pamoja na ya injini inakwenda mbali zaidi, kama mara mbili. Hilo limekaa kama alivyosema Mwalimu.

Kwenye 1,350 sioni vizuri. Kuna wakati alama zinaachana, kisha kuna wakati zinakwenda pamoja, kama miendo miwili iliyochanganyika. Na injini inaonekana kuyumba pia kushoto na kulia.

#16 BintiKasulu

Ndugu Msagaji, injini yako ni ya mipigo minne?

#17 MsagajiUjiji

Ndiyo, mipigo minne.

#18 BintiKasulu

Basi naona jambo ambalo hatujalisema. Injini ya mipigo minne yenye silinda moja inachoma mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka 1,350, inachoma mara 675 kwa dakika. Na 675 ndiyo frikwensi ya kwanza. Kwa hiyo kwenye mwendo huo injini inagonga frikwensi zote mbili kwa wakati mmoja: uzito usiolingana wa pistoni unagonga ya pili, mlipuko unagonga ya kwanza. Ndiyo maana video inaonyesha miendo miwili. Na huenda hiyo ya kwanza ndiyo inayotambaza fremu, wala si ya pili.

#19 Mwalimu_Ipuli

Binti, umeona kitu ambacho mimi sikukiona, nami nakushukuru. Lakini sikubaliani nawe hadi mwisho. Mlipuko unasukuma pistoni chini na kichwa cha silinda juu, na nguvu hizo mbili zinakutana ndani ya injini hiyohiyo kupitia fani za krenki. Kinachotoka nje ni msokoto unaotaka kuipindua injini kando, si msukumo wa juu na chini. Matriki yetu inajua juu na chini tu. Kwa hiyo mlipuko unaweza kueleza kuyumba kushoto na kulia, lakini hauna njia nyoofu ya kugonga umbo la (1, 2).

#20 FundiSpringi_Tabora

Mwalimu, hapo mimi niko na dada. Njia ipo. Raba zilizokatwa kwenye tairi hazilingani. Moja ina nyuzi nyingi, nyingine ina chache. Injini haikai katikati ya raba zake, na mkanda unaivuta upande mmoja. Ukiipindua injini ya namna hiyo, lazima ipande na kushuka kidogo pia. Nimeona injini ngapi za magari zikifanya hivyo raba moja ikichoka.

#21 Mwalimu_Ipuli

Hilo ni kweli, na maana yake ni kwamba mashine hii ina zaidi ya miendo miwili huru, na matriki ya mbili kwa mbili ni picha yake ya upande mmoja tu. Kiasi gani cha msokoto kinageuka kuwa juu na chini, hatuwezi kusema bila kupima kila raba.

Kuna jaribio linaloweza kutusaidia. Msagaji, ondoa mkanda, uendeshe injini tupu kwenye 1,350 ileile. Uzito wa pistoni haubadiliki kwa mzigo, kwa hiyo nguvu yake itabaki vilevile. Mlipuko utapungua sana kwa sababu injini haina kazi.

Tena nakuomba uwe mwangalifu na kiganja chako. Kwenye 1,170 hivi, yaani u = 1.5, (3 − 2u) inakuwa sifuri, na injini karibu isimame kabisa wakati fremu inaendelea kutetemeka chini yake. Mtu akigusa injini peke yake hapo atasema mashine imetulia. Gusa vyote viwili kila mara.

#22 Nahodha_Kibirizi

Ndugu zangu, mimi bado nauliza: kwa nini asiondoe raba? Kwangu ilifaa.

#23 Chuma_Urambo

Nahodha, raba zako umeziondoa, sasa unataka na za wenzako! Nimeijaribu kwenye hesabu lakini. Ukiondoa raba za injini, injini na fremu vinakuwa kitu kimoja cha kilo 300 juu ya 2,000,000 N/m, na frikwensi inayobaki ni 780. Hiyo iko mbali na 1,350, na 675 iko chini yake kwa zaidi ya mizunguko 100. Kwa hiyo si ushauri mbaya, ila boliti zitabeba mitikisiko yote ambayo raba zilikuwa zinaimeza.

Nimejaribu pia kuweka raba mbili mbili chini ya injini, moja juu ya nyingine, ugumu ukawa nusu. Zinatoka 573 na 1,126. Hapo 1,350 iko juu ya frikwensi ya pili kwa karibu asilimia 20, na 675 ya mlipuko iko juu ya ya kwanza kwa asilimia 18.

#24 MsagajiUjiji

Nimefanya majaribio yote mawili, kila moja kwa siku yake.

Bila mkanda kwenye 1,350, mtetemo ulipungua, nakadiria kwa theluthi, lakini haukuisha. Fremu haikutambaa, ila nilimwaga maji kwenye sinia juu yake na yaliendelea kuchemka kwa viwimbi. Kuyumba kushoto na kulia karibu kuliisha.

Kisha nikarudisha mkanda na kuweka raba mbili mbili. Fremu haitambai tena na nati zimekaa siku nne. Lakini wakati wa kuzima injini inaruka zaidi ya zamani, na mkanda umeanza kuteleza mzigo ukiwa mkubwa, kwa sababu injini imepata nafasi ya kuusogelea mkanda.

#25 BintiKasulu

Theluthi iliyopungua ni mlipuko, na kutambaa kulikuwa kwa mlipuko. Naona jaribio limenipa haki.

#26 Mwalimu_Ipuli

Na theluthi mbili zilizobaki ni pistoni. Isitoshe, mkanda wenyewe uliondoka, na mkanda ni springi ya pembeni. Ulipouondoa, K nayo ilibadilika. Tena raba mbili mbili zimezisogeza frikwensi zote mbili mbali kwa asilimia zinazokaribiana, kwa hiyo dawa hiyo haituambii ni ipi iliyokuwa inaumiza. Ingetusaidia zaidi kama ungeziacha raba za mwanzo na kuongeza kilo 50 kwenye fremu, ukatazama ni alama zipi zinazobadilika.

#27 FundiSpringi_Tabora

Kabla ya kilo 50, amkaze mkanda na kuifungia injini kizuizi cha raba upande wa kinu, isisogee. Kisha apime kila raba moja moja kwa gunia la mahindi la kilo 100 juu yake. Gunia hilo likiididimiza raba moja kwa milimita 4 na nyingine kwa 3, nitajua mimi ni nani aliyesema kweli.

#28 MsagajiUjiji

Gunia ninalo. Nitapima Jumapili, nitaleta milimita za raba zote nane.